Barua kwa Mpwa: Pensheni ya Ahadi na Pensheni ya Akiba

Kwako okewa, mpwa wetu,

Ujumbe wako tumeupata. Unauliza kwa nini hati yako ya mshahara inaonyesha makato ya pensheni kila mwezi, na sisi tuliofundisha miaka thelathini hatukukatwa chochote kwa ajili ya uzee wetu, na bado pesa inaingia. Unaona umeonewa. Halafu mwishoni kabisa, kana kwamba ni jambo dogo, unasema unafikiria kuacha kazi ya TSC, utoe kilichokusanyika, ukiweke kwenye vizimba vya samaki kule Usenge.

Swali lako tulilipeleka kwenye kikao chetu cha walimu wastaafu hapa Kisumu, ndiyo maana barua hii inasema "sisi". Tulibishana jioni nzima. Tulichokubaliana ni hiki: hujaonewa jinsi unavyodhani, lakini pia hujapewa zawadi. Sisi tuliachwa tutegemee ahadi ya serikali. Wewe umeachiwa utegemee akiba yenye jina lako. Kila moja ina hatari yake, na ya kwako haifanani na yetu. Ukiijua hatari yako, hutatoa hiyo pesa mapema.

Vyama viwili

Mama yako anavijua vyama vya aina mbili pale soko la Kibuye. Kuna cha mzunguko: kila mwanachama anatoa mia tano, zote anapewa mmoja leo, wiki ijayo mwingine. Hakuna pesa inayolala kwenye sanduku. Anayepokea leo analishwa na wanaotoa leo, na yeye anaamini kwamba siku yake ikifika watakuwepo wa kutoa. Kuna na cha akiba: kila mtu ana kitabu chake, anaweka, pesa inakopeshwa na kuzaa faida, na mwisho wa mwaka anachukua kilichoandikwa kwenye kitabu chake.

Pensheni yetu ni ya mzunguko. Iko chini ya Sheria ya Pensheni, Sura ya 189. Hakuna mfuko wowote uliowahi kuwekwa kando kwa jina la mwalimu fulani. Mwezi ukiisha, serikali inachukua kodi ya mwaka huu na kutulipa. Kodi hiyo imo hata ile unayolipa wewe ukinunua sukari au ukituma pesa kwa simu. Kwa hiyo ukisema sisi hatukuchangia, ni kweli kwamba hatukukatwa kwa jina la pensheni yetu. Wanaume tulikatwa asilimia 2, lakini hiyo ilikuwa ya wajane na watoto wetu. Tulipokuwa kazini tulilipa kodi iliyowalisha waliotutangulia. Sasa zamu ni yetu, na mtoaji ni wewe.

Pensheni yako ni ya kitabu. Mpango mpya wa watumishi wa umma, unaoitwa PSSS, ulianza tarehe 1 Januari 2021. Waliokuwa chini ya miaka 45 siku hiyo waliingizwa wote, na waliofika umri huo waliachiwa wachague. Mfanyakazi anatoa asilimia 7.5 ya mshahara wa msingi, serikali inaongeza asilimia 15, na zote zinawekezwa kwa jina lake hadi astaafu.

Hapo ndipo tunataka usome tena hati yako. Unaona makato yako tu, na kwa kila shilingi moja unayokatwa, mwajiri anapaswa kuweka mbili.

Ahadi yetu inavyohesabiwa

Wacha tukupe mfano wa mwalimu aliyemaliza na mshahara wa msingi wa shilingi 60,000 kwa mwezi baada ya miaka 30, yaani miezi 360. Kanuni ya zamani inachukua mshahara wa mwaka, inazidisha kwa miezi ya kazi, kisha inagawanya kwa 480.

Mshahara wa mwaka ni 720,000. Mara 360, gawa kwa 480, unapata 540,000 kwa mwaka. Hiyo ndiyo pensheni kamili. Wengi wetu tulichagua kuuza robo yake ili kupata mkupuo: robo ni 135,000, inazidishwa mara 20, unapokea 2,700,000 kwa pamoja. Robo tatu zinazobaki zinagawanywa kwa miezi 12, na mwalimu huyo anapata 33,750 kila mwezi hadi afe.

Tazama kilichokosekana kwenye hesabu hiyo. Hakuna riba, hakuna soko la hisa, hakuna meneja wa uwekezaji. Mwalimu hakuhitaji kujua kama mwaka 2008 au 2020 ulikuwa mbaya kwa masoko. Akiishi hadi miaka 95, analipwa hadi miaka 95. Huo ndio utamu wa pensheni ya ahadi: hatari yote inabebwa na aliyeahidi.

Lakini ahadi ina mwenyewe, na mwenyewe anaweza kuchelewa, kubana au kubishana nawe. Walimu waliostaafu kati ya 1997 na 2003 wanalijua hilo. Mwaka 1997 serikali ilikubali nyongeza ya mshahara ya walimu, ikailipa kwa awamu. Waliostaafu kabla awamu hazijaisha walihesabiwa pensheni kwa mshahara mdogo. Walienda Mahakama Kuu kule Nakuru, na mwaka 2008 wakashinda. Hata hivyo miaka mingi ilipita baada ya hukumu na bado wengine walikuwa wanadai. Wengine walizikwa wakidai. Hawakuwa na kitabu cha kuonyesha salio. Walikuwa na haki, na haki hiyo ilibidi isubiri bajeti.

Kuna na kuliwa taratibu ambako hakuna mahakama ya kukuzuilia. Nyongeza yetu imekuwa asilimia 3 kila baada ya miaka miwili. Tuseme bei za vitu zinapanda asilimia 6 kwa mwaka. Baada ya miaka kumi, yule wa 33,750 atakuwa anapokea kama 39,100. Kwenye simu itaonekana imekua. Sokoni itanunua vitu vya kama 21,800 za leo. Samaki aliyekuwa analiwa na watu wanne, sasa hawafiki watatu.

Jambo jingine ulilisahau. Katika mpango wetu, mwalimu aliyeacha kazi mwenyewe kabla ya miaka 50 kwa kawaida aliondoka mikono mitupu. Ahadi ilikuwa kamba. Tulikuwa na wenzetu waliochoka kabisa na chaki lakini wakakaa, kwa sababu kuondoka kulikuwa kutupa miaka ishirini majini. Wewe ukihama, kitabu chako kinakufuata.

Hesabu yako wewe

Sasa tuje kwako. Tuchukue mshahara wa msingi wa 30,000, na tujifanye hautapanda zaidi ya bei za vitu, ili kila kitu tukipime kwa shilingi za leo. Unakatwa 2,250, serikali inaweka 4,500, jumla 6,750 kwa mwezi, au 81,000 kwa mwaka. Umri wako ni 30, kwa hiyo una miaka 30 mbele.

Kwa kanuni yetu ya zamani, mshahara huo na miaka hiyo ingekupa pensheni kamili ya 22,500 kwa mwezi. Tuishike namba hiyo kama kipimo.

Kwa kitabu chako, yote yanategemea faida inayobaki baada ya kuondoa mfumuko wa bei na gharama za uendeshaji. Ikibaki asilimia 3 kwa mwaka, ukifika 60 utakuwa na kama shilingi milioni 3.85. Ukizitumia polepole kwa miaka 20 huku zilizobaki zikiendelea kuzaa kiasi hicho hicho, utapata karibu 21,600 kwa mwezi. Ni karibu sawa na sisi.

Ikibaki asilimia 1 tu, unamaliza na kama milioni 2.8, na mwezi wako ni 13,000. Ikibaki asilimia 5, unamaliza na milioni 5.4 hivi, na mwezi wako ni karibu 36,000.

Soma tena namba hizo tatu: 13,000, 21,600, 36,000. Mtu ni yule yule, kazi ni ile ile, makato ni yale yale. Tofauti ni asilimia mbili juu au mbili chini, zikirudiwa miaka mingi. Hiyo ndiyo hatari uliyopewa wewe na ambayo sisi hatukuibeba. Ndiyo maana tunasema usitazame tu pesa imeingia. Tazama imezaa ngapi kwa mwaka, na mwaka huo bei zilipanda ngapi. Mfuko ukikutangazia faida ya asilimia 9 mwaka ambao bei zimepanda asilimia 8, umepata asilimia 1.

Na ile miaka 20 tuliyoweka ni dhana. Ukiishi 25 je? Kwenye ahadi, maisha marefu ni shida ya serikali. Kwenye akiba, ni shida yako, isipokuwa utumie pesa hiyo kununua malipo ya maisha kutoka kampuni ya bima. Hapo kampuni ndiyo inabeba hatari ya wewe kuishi sana, na inakutoza kwa kuibeba.

Kwa nini serikali ilihama, na nani analipia

Mmoja wetu kikaoni alisema serikali ilihama ili ituepuke. Si hivyo kabisa. Chama cha mzunguko kinaenda vizuri watoaji wakiwa wengi na wapokeaji wachache. Wastaafu wakiongezeka na wakiishi zaidi, mzigo kwenye kodi unakua kila mwaka bila mtu kuupigia kura. Mwaka 2009 umri wa kustaafu ulitolewa 55 ukapelekwa 60. Hilo lilisogeza mzigo mbele, halikuuondoa.

Kuhama nako kuna gharama, na hapa ndipo malalamiko yako yana ukweli. Sisi bado tuko hai na tunalipwa kutoka kodi. Wakati huo huo serikali lazima iweke ile asilimia 15 kwenye vitabu vyenu. Kizazi chenu kinalipia wazee kwa mkono mmoja na kujiwekea kwa mkono wa pili. Chile ilifanya uhamisho kama huo mwaka 1981, ikatoka kwenye mzunguko ikaingia kwenye vitabu vya mtu mmoja mmoja, na hazina yake ilibeba mzigo huo wa pande mbili kwa miongo mingi. Kwa hiyo ukihisi unavutwa pande mbili, hujakosea.

Lakini usidhani kwamba kitabu kinakutoa kabisa mikononi mwa vijana wa kesho. Ukiwa na miaka 70, hutakula hisa wala hati za serikali. Utakula mahindi aliyolima mtu mwingine mwaka huo, na utatibiwa na muuguzi wa mwaka huo. Sehemu kubwa ya akiba za pensheni hapa Kenya imewekwa kwenye dhamana za serikali, na riba yake inalipwa kwa kodi. Njia zote mbili zinafika kwa mfanyakazi wa kesho. Tofauti ni karatasi unayomwonyesha: sisi tunamwonyesha ahadi, wewe unamwonyesha mali. Mali ni ngumu zaidi kuikana. Ahadi ni rahisi zaidi kuishi nayo.

Kuhusu vizimba

Vizimba si biashara mbaya. Tumekula samaki wa vizimba na tunawajua vijana waliojenga nyumba. Lakini Novemba 2022, upande huu wa Kisumu, samaki walikufa kwa wingi ndani ya vizimba kwa sababu maji yalikosa oksijeni. Mtu alilala tajiri, akaamka anatafuta wa kumsaidia kuzika samaki. Mfuko wa pensheni nao unaweza kupoteza, lakini umegawanywa: dhamana, hisa, majumba, pesa benki. Ziwa moja likichafuka, chote hakifi. Vizimba vyako vyote vitakuwa kwenye maji yale yale.

Halafu kuna hesabu ya kuondoka. Ukiacha kazi kabla ya wakati, kanuni zinakuruhusu kuchukua sehemu tu, si yote, na sehemu nyingine inabaki hadi uzee. Pia unapoteza ile 4,500 ya mwajiri kila mwezi kuanzia siku hiyo. Shilingi unayoitoa ukiwa na miaka 30 ndiyo iliyokuwa na muda mrefu zaidi wa kuzaa. Kwa ile asilimia 3, kila 100,000 unayotoa sasa ingekuwa kama 243,000 za leo ukifika 60. Chile tena ni somo: mwaka 2020 na 2021 watu waliruhusiwa mara tatu kutoa asilimia 10 ya akiba zao za uzeeni. Shida ilikuwa ya kweli, na pesa ilisaidia. Lakini wengi walimaliza vitabu vyao kabisa, na uzee haujaahirishwa.

Ukitaka vizimba, anza na kimoja, kwa pesa ya mshahara au mkopo wa sako, ukiwa bado kazini. Kikifa, pensheni iko.

Mambo matatu ya kufuatilia

La kwanza, hakikisha pesa inafika. Makato kuonekana kwenye hati ya mshahara si sawa na makato kufika kwenye mfuko. Hapa Kenya kuna waajiri wa umma, zikiwemo kaunti, waliokata wafanyakazi na kuchelewa kupeleka kwa miaka. Omba taarifa ya akaunti yako angalau mara moja kwa mwaka, ulinganishe mwezi kwa mwezi na hati zako. Mwezi uliokosekana haukosi shilingi zake tu, unakosa na faida yake yote ya mbeleni. Ukiuona, andika barua mapema, weka nakala.

La pili, jaza majina ya wanufaika na uyabadilishe maisha yakibadilika. Umeoa mwaka jana. Kama bado uliandika jina la mama yako peke yake, mkeo atakuja kuhangaika maofisini akiwa na watoto mgongoni.

La tatu, ukistaafu utaruhusiwa kuchukua hadi theluthi moja kwa mkupuo. Usiipangie leo. Sisi tulipokea mkupuo na tunajua jinsi simu inavyolia wiki hiyo. Kumbuka pia kwamba kila laki ya mkupuo ni mwezi mdogo zaidi hadi mwisho.

Na ndugu yako wa boda boda

Yeye hana mwajiri wala ahadi. Kuna Haba Haba ya NSSF, ambayo anajiunga kwa simu kupitia *303# na kuweka kuanzia shilingi 25 kwa siku. Tulimfanyia hesabu ile ile. Akiweka 25 kila siku kwa miaka 30, na faida ikabaki asilimia 3 juu ya bei, itampa kama 2,400 kwa mwezi kwa miaka 20. Inua Jamii, ambayo ni mzunguko mtupu wa kodi, inawapa wazee wa miaka 70 na zaidi 2,000 kwa mwezi.

Mwambie ukweli huo bila kumvunja moyo: 25 ni mlango, si nyumba. Akiweka 100 kwa siku, hesabu inakuwa karibu 9,700 kwa mwezi, na hizo zinaweza kumlisha. Yeye hana mtu wa kumwekea mbili kwa kila moja yake. Wewe unaye, na unataka kumwacha.

Tutakuwa kikaoni tena Jumamosi ya kwanza ya mwezi. Njoo na hati zako za mshahara za mwaka mzima pamoja na taarifa ya akaunti, tuzilinganishe pamoja. Barua ya kuacha kazi iache nyumbani.

Wako,
Mjomba, pamoja na walimu wastaafu wenzake, Kisumu